Slaidi ya Nne

Slaidi ya nne ilinifikia peke yake. Ami alinitumia kwa WhatsApp saa tano za usiku kutoka Kizingitini, kule alikooa na kuhamia. Ilikuwa picha ya skrini iliyokatwa vibaya, betri ya simu yake inaonekana imebaki asilimia sita, na chini ameandika neno moja tu: "Hini?"

Slaidi yenyewe ilikuwa na mandhari ya samawati, picha ya mashua upande wa kulia, na maneno haya: "Ada ya ufadhili: bapa, 18% kwa mwaka. Marejesho sawia kwa miezi 12."

Niliitambua upesi, kwa sababu niliitengeneza mimi.

Nifafanue kazi yangu kabla hamjanihukumu. Nakaa Amu, mtaa wa Langoni, na kwa miaka michache nimekuwa nikila kwa kutengeneza slaidi za kutelezesha, zile za Instagram ambazo unapeleka kidole gumba kushoto, kushoto, kushoto, hadi ufike ile ya mwisho inayokuambia ubonyeze kiungo. Watu wa mradi huniletea maandishi ya Kiingereza, mimi nayaweka Kiswahili na kuyapanga. Hawa waliotoa mkopo wa mashine za boti waliniletea kurasa tatu zenye istilahi za kibenki. Walitaka slaidi nane. Nikawapa slaidi nane, nzuri, na "bapa" nilijivunia sana. Niliitafuta kwenye kamusi usiku mzima. Mkataba wenyewe, aliotumiwa mkopaji kwenye simu, ulisema `Flat rate 18% p.a.`, na nilijiambia mwenyewe: bapa ni kitu kisicho na mwinuko wala mteremko, upande mpana wa upanga ni bapa, basi riba isiyopanda wala kushuka ni bapa. Safi. Kazi imeisha, leta pesa.

Ami alikuwa ameshatia sahihi miezi sita nyuma.

Alikopa shilingi 60,000 anunue mashine ya mtumba. Kila mwezi alilipa 5,900 bila kukosa, na msimu wa kamba ulipomwendea vizuri akaenda ofisini na bahasha, akitaka kumaliza deni lote aanze kupumua. Alijua amefika nusu ya njia. Alijua pia, kwa akili ya mtu yeyote aliyewahi kukopa dukani, kwamba ukirudisha mapema unapungukiwa na kitu fulani, hata kidogo. Akaambiwa alipe 35,400. Yaani zile 5,900 zilizobaki, zote sita, bila kupunguziwa hata ndururu. Alipouliza kwa nini, kijana wa mezani akamfungulia slaidi ya nne kwenye simu. "Si iliandikwa, mzee? Bapa."

Kwa hiyo "Hini?" yake haikuwa swali la lugha.

Hesabu yenyewe naiweka hapa polepole, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike. Asilimia 18 kwa mwaka ni asilimia moja na nusu kwa mwezi. Mwezi wa kwanza ami anadaiwa 60,000, na asilimia moja na nusu yake ni shilingi 900. Hapo hakuna mjanja, kila mkopeshaji angemtoza hivyo. Tofauti inaanza mwezi wa pili. Kuna mikopo ambayo kila ukilipa, unatozwa kwa kile kilichobaki tu: deni likishuka, na tozo inashuka nalo. Na kuna mikopo, kama huu wa ami, ambayo tozo inaendelea kuhesabiwa juu ya zile 60,000 za siku ya kwanza, kana kwamba hujarudisha chochote. Mwezi wa 12 ami atakuwa anadaiwa 5,000 za mwisho, na bado atatozwa 900. Mkopo wa aina ile nyingine, kwa asilimia hiyohiyo 18, mwezi wa mwisho ungemtoza shilingi 81.

Jumla? Ami analipa 70,800. Kwa hesabu ya deni linaloshuka angelipa kama 66,010, yaani 5,501 kwa mwezi. Karibu shilingi 4,800 zimejificha ndani ya neno moja, na neno hilo nililichagua mimi kwa sababu lilinipendeza.

Sasa nataka kugombana, na nitaanza na watu wangu. Sisi tunaopenda Kiswahili tuna ugonjwa. Tukikutana na neno la kigeni, swali letu la kwanza ni "Kiswahili chake ni nini?" Tunaingia kamusini, tunauliza makundi, tunabishana kama ni tarakilishi au kompyuta, nywila au neno la siri, na atakayetoa neno ambalo wengine hawajawahi kulisikia ndiye bingwa. Neno likishapatikana tunahesabu kwamba maana imefika. Haijafika. "Bapa" kwa ami ni sawa na `flat`, ila sasa hana hata wa kumuuliza, kwa sababu kwa Kiingereza angekiri hajui akamtafuta mtoto wa shule amsomee. Kwa Kiswahili anaona haya. Yeye ni Mswahili wa Amu, atauliza vipi maana ya neno la Kiswahili?

Istilahi ina kazi yake na sikatai. Wahadhiri wawili wa uchumi wanaozungumza wao kwa wao wanahitaji neno moja la kushika wazo zima, na hilo neno likiwa "bapa" au "bamba" au lolote, wao wamekubaliana maana. Mtihani wa shule unalihitaji pia. Lakini mtu anayepeleka kidole kwenye simu akisubiri boti jetini hajakubaliana na yeyote. Ana sekunde tano. Hakuna kamusi pale.

Wapinzani wangu wa pili wananikera zaidi, kwa sababu Kiswahili chao hakina kosa hata moja. Hawa ni wenye marashi. Chukua majina ya huduma za simu tunazotumia kila siku. M-Shwari ilianza mwaka 2012, akiba na mkopo ndani ya M-Pesa. Shwari, wallahi, neno zuri, bahari imetulia. (Nahodha wa tanga atakwambia shwari kamili haina raha, upepo umekata na unakaa katikati ya maji ukitazama ufuo, lakini tuliache hilo.) Ikaja Fuliza mwaka 2019. Kufuliza ni kuendelea bila kukatika. Salio likiwa halitoshi, unaendelea tu na malipo yako. Ni Kiswahili fasaha, kila mtu anakielewa, na ndani yake hamna deni. Hamna kukopa. Unachosikia ni mwendo. Waliochagua majina haya ni mafundi wa lugha kutuzidi sisi wenye kamusi, maana wao wanajua neno linafanya nini kwa mtu. Wanaouza wana haki ya kuita bidhaa yao watakavyo. Ila mtu akikwambia Kiswahili chepesi ndicho dawa ya wananchi kutoelewa mikopo, mwonyeshe Fuliza. Wepesi upo pale, na bado mtu anaweza kuitumia mwezi mzima bila kujisikia kwamba anadaiwa.

Neno la hatari zaidi katika ukoo huu ni "ada". Hapa Amu lina historia yake, na wanaotoka Nairobi kutuletea maandishi huwa hawaijui, au wanaijua vizuri sana. Riba si istilahi kwetu. Mtoto wa madrasa anaijua kabla hajajua asilimia. Ukiandika "riba" juu ya slaidi, nusu ya watu wa Amu, Siyu na Faza watapita bila kusoma, na hiyo ni haki yao. Wamekwisha kupata habari waliyoihitaji. Ndiyo maana waliponiletea kazi ile waliniomba kwa upole: "Usitumie riba, watu wa huko wanaogopa. Weka ada ya ufadhili." Nikaweka. Nilidhani naheshimu mazingira. Nilichofanya ni kumwondolea ami kibao cha onyo mlangoni, yeye akaingia.

Ada ni kitu unacholipa mara moja kwa kazi iliyofanyika: ada ya shule, ada ya kujiunga, ada ya leseni. Haiongezeki kwa sababu umekaa na pesa ya mtu siku nyingi. Kinachoongezeka kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi, kina jina lake, na jina hilo tumelijua kabla ya mabenki.

Na si suala la dini peke yake. Mwaka 2016 Kenya ilipowekea mabenki kikomo cha riba, kikomo kilichokuja kuondolewa 2019, suala la kama tozo za mikopo ya simu ni riba au ada likawa suala la pesa nyingi. Ikiwa ni riba, sheria inaigusa. Ikiwa ni ada, inapita pembeni. M-Shwari tangu kuanza ilitoza asilimia 7.5 ya mkopo wa siku 30, na iliitwa ada. Halafu mwishoni mwa 2022 serikali ikaleta Hustler Fund, na kwenye skrini mtu akasoma `8% p.a.` Nimewahi kuona slaidi, si yangu safari hii, iliyoziweka tarakimu mbili hizo kwenye safu moja ili kijana alinganishe: 7.5 huku, 8 kule. Kijana wa akili timamu atachagua 7.5, si ndogo?

Kopa 10,000 uone. Asilimia 7.5 kwa siku 30 ni shilingi 750. Asilimia 8 kwa mwaka, ukiihesabu kwa siku 14 za mkopo wa Hustler, ni kama shilingi 31. Herufi mbili na nukta mbili, `p.a.`, ndizo zilizobeba tofauti yote, na aliyetengeneza ile slaidi aliziacha nje kwa sababu hazikutosha kwenye kisanduku. "Kwa mwaka" ni maneno mawili tu. Kisanduku kingepanuliwa.

Basi ninataka nini? Nataka tuache kutafsiri neno, tuandike kitendo: nani anampa nani, shilingi ngapi, lini, na nini kitatokea mambo yakiharibika. Slaidi ya nne ilipaswa kuwa hivi:

"Unakopa 60,000. Unarudisha 5,900 kila mwezi kwa miezi 12. Jumla utarudisha 70,800. Ukimaliza mapema, hupunguziwi."

Maneno yenyewe hayafiki 20, na yanakaa kwenye slaidi kwa herufi kubwa ambazo ami anaweza kuzisoma bila miwani. Hakuna neno hata moja ambalo mtu wa miaka 12 halijui. Tena, na hapa ndipo wanasheria na wahasibu huniambia napotosha kwa kurahisisha, sentensi hizi ni sahihi kuliko "bapa 18%". Asilimia ile haikusema kama kuna punguzo. Haikusema jumla. Mtu angeweza kuielewa vizuri kabisa na bado asijue atatoa ngapi mfukoni.

Kitu kimoja kuhusu slaidi ambacho watu wa vitabu hawakioni: hazisafiri pamoja. Kwenye slaidi ya pili nilikuwa nimeweka maelezo, kisanduku kizuri kabisa chenye kichwa "Maneno utakayokutana nayo", na humo nilieleza bapa kwa mistari mitatu. Nilijiona nimemaliza dhima yangu. Lakini nani aliyemtumia ami slaidi ya pili? Rafiki yake alipiga picha skrini ile yenye mashua na asilimia, akamrushia. Hivyo ndivyo vitu vinavyofika Kizingitini, Matondoni na Kiwayu. Bando ni ghali na mtu anatuma picha moja, ile inayoonekana ina habari. Kila slaidi lazima isimame peke yake kama mtu aliyeachwa jetini bila mwenyeji. Neno ulilolifafanua kwenye slaidi ya pili limekufa ukifika ya nne.

Asilimia sikuitupa. Mtu akitaka kulinganisha mkopo wa miezi 12 na wa miezi sita, jumla za shilingi hazimsaidii sana, anahitaji kipimo kimoja. Naiweka chini, kwa herufi ndogo kidogo, na "kwa mwaka" imeandikwa kamili. Na neno la mkataba naliweka vilevile, mara moja, kama lilivyo: "Kwenye simu yako itaandikwa `Flat rate`." Nilibishana na nafsi yangu hapa kwa sababu nilitaka slaidi iwe Kiswahili kitupu, lakini siku ya kutia sahihi ami hatakutana na sentensi zangu. Atakutana na yale maneno mawili. Usipomwonyesha sura ya mlango, atausoma ukuta mzima na kuingia palepale.

Na Kiamu je? Kuna wenzangu wanaosema tukiandika kwa watu wa Amu tuandike Kiamu, yeo si leo, moya si moja, kwamba tangu Kiunguja kipewe cheo cha usanifu miaka ya 1930 sisi tumekuwa wageni ndani ya lugha yetu. Moyo wangu uko nao. Slaidi zangu haziko nao. Kaunti hii ina Mpeketoni na Witu, ina Waboni, ina watu ambao Kiswahili chao walikipata shuleni, na mkopo ni uleule. Kiamu nakitumia kwenye sauti, mtu akinirekodia maelezo, pale kinapendeza na kinaaminika. Kwenye maandishi natumia Kiswahili ambacho wote wanakisoma bila kusita. Nijue tu kwamba kuna kitu nakipoteza.

Wala msinikimbilie na Kiarabu. Pwani tuna tabia ya kudhani neno likitoka upande ule limeshaeleweka na limeshahalalika. Nimeshaletewa kazi ya murabaha, ule mpango ambapo benki inanunua kitu halafu inakuuzia kwa bei ya juu unayolipa kidogokidogo. Aliyeniletea alitaka neno "murabaha" likae kubwa katikati ya slaidi na nakshi za mlango wa Lamu pembeni, basi. Nikamuuliza: benki inakinunua kwa ngapi, na inaniuzia kwa ngapi? Hizo bei mbili ndizo murabaha. Mtu akiziona zote mbili anaweza kuamua, na shehe wake anaweza kumshauri. Akiona nakshi tu, ameona nakshi.

Upande wa programu za simu mambo ni mabaya vilevile, na nitatoa mfano mmoja kwa sababu unawauma watu. Weka simu yako Kiswahili, kisha fungua apu ya mkopo. Huenda ikakuomba ruhusa ya kufikia "anwani" zako. Anwani, hapa kwetu, ni mahali unapokaa, au sanduku la posta. Mtu anajiambia, wakopeshaji wanataka kujua naishi wapi, ni haki yao, na anabonyeza Ruhusu. Kumbe anwani kwa lugha ya simu ni orodha yote ya majina na namba alizohifadhi. Amewapa namba ya mkewe, ya imamu, ya mnunuzi wake wa kamba kule Malindi. Akichelewa kulipa, hao wote wanaweza kuanza kupigiwa. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kwa wakopeshaji wa kidijitali zimekataza kuwasumbua watu waliomo kwenye simu yako kwa deni lako, na sheria ya kulinda data ipo tangu 2019. Lakini sheria inakuja baada ya aibu, na kidole kilibonyeza kabla.

Slaidi nyingi za "usalama mtandaoni" nilizoziona zinaandika: "Kagua ruhusa za ufikiaji kabla ya kusakinisha programu." Kila neno ni sahihi. Soma tena ukiwa umechoka, jua la saa nane, uone kama kuna mtu ndani ya sentensi hiyo anayefanya jambo lolote. Mimi naandika: "Apu hii ikiuliza kuhusu 'anwani', inataka kusoma namba zote za watu wako. Ukikataa na ikakunyima mkopo, ujue ilitaka hizo namba." Ile sehemu ya pili nilikatazwa mara moja na mteja kwa sababu "ina msimamo". Ndiyo, ina msimamo.

Linganisha na "namba ya siri". Sijui kama kuna istilahi ya kiteknolojia iliyowahi kufanikiwa zaidi Afrika Mashariki. Mama mkwe asiyejua kusoma anaijua. Na si kwa sababu ni Kiswahili, nywila nayo ni Kiswahili. Ni kwa sababu agizo limo ndani ya jina: ni siri, usimwambie mtu. Huhitaji slaidi ya pili kukueleza.

Tangu ile usiku nimejiwekea kipimo, na nakipendekeza kwa yeyote anayefanya kazi hii. Slaidi ikishakamilika siipeleki kwa mteja. Naipeleka darini, kwa jirani, au naishusha gatini kwa wale wanaosubiri boti. Simuulizi mtu "umeelewa?", kwa sababu Mswahili ana adabu, atakujibu ndiyo asikuvunje moyo. Namuuliza: utalipa ngapi? Lini? Ukikwama mwezi mmoja? Ukipata pesa ukataka kumaliza? Akinijibu kwa shilingi na tarehe, slaidi imepita. Akinijibu kwa maneno yangu mwenyewe, "ni bapa", "ni ada ya ufadhili", slaidi imeanguka, hata kama ameyatamka vizuri. Mara ya kwanza nilipofanya hivi niliangusha slaidi zangu sita kati ya nane kwa asubuhi moja. Mama mmoja muuza mahamri alinirudishia simu akaniambia, "Mwanangu, hapa umeandika kama hutaki tujue."

Najua itakayofuata, nimeshaisikia: kwamba kuandika wazi hakushushi bei ya mkopo. Hakushushi. Najua pia kwamba ami pengine angekopa hata angejua. Mashine ya zamani ilikuwa imekufa, msimu ulikuwa unakuja, na shilingi 10,800 juu ya 60,000 si bei ya kumshangaza mvuvi anayejua bei ya petroli. Lakini angeingia akijua kwamba kumaliza mapema hakumfaidii kitu, na ile bahasha ya mwezi wa sita angeinunulia wavu.

Niliitengeneza upya slaidi ya nne, bure, nikawatumia wale walioniajiri. Waliipokea vizuri, wakaisifu mpangilio. Wakaniomba niondoe sentensi ya mwisho, ile ya "hupunguziwi", kwa sababu inatisha wateja. Nikawaambia nitaiondoa siku watakapoanza kupunguza. Hawajanijibu hadi leo, na slaidi ya zamani, ile ya mashua, bado iko pale kwenye ukurasa wao.

Ile mpya nilimtumia ami peke yake. Alikaa kimya siku mbili, kisha akanipigia.

"Hini naijua," akasema. "Elfu kumi na mia nane. Hini ni riba."

"Ndiyo, ami."

"Basi kwanini hukuandika?"

Nilimwambia nilikosa. Akanyamaza, nasikia nyuma yake watu wanavuta chombo. Halafu akaniambia ameshairusha kwenye grupu la wavuvi wa Kizingitini, wako wengi wanaotaka mashine, na kuna mmoja anauliza kama nina nyingine ya mikopo ya simu.